Ile u iliyojificha ndani ya mwingine na mzuri

Jumamosi moja nilikuwa Muheza kwa dada yangu. Jioni, mpwa wangu wa darasa la tatu akaniletea daftari lake la imla. Mwalimu alikuwa amewasomea sentensi: "Mwalimu mpya ana mtoto mwingine mzuri mwenye kitabu." Binti yetu aliandika hivi: "Mwalimu mwpya ana mtoto mwingine mwzuri mwenye kitabu." Palikuwa na duara mbili za wino mwekundu, moja juu ya mwpya na nyingine juu ya mwzuri, na chini yake neno "Makosa". Maelezo hayakuwapo.

"Eti mjomba," akaniambia, "juzi nimeandika muingine, mwalimu akasema kosa, weka w. Leo nimeweka w, kasema kosa. Sasa mbona mpya haina w?"

Mimi kazi yangu ni kusoma prufu. Maneno hayo manne huwa yanapita mbele ya macho yangu mara mia kwa siku, na mwpya ningeliona hata nikiwa nusu usingizi. Lakini nilimjibu jibu ambalo mpaka leo linanisumbua: "Ndivyo yanavyoandikwa." Akachukua daftari lake akaenda zake. Nikabaki nimekaa barazani nikijua kwamba mtoto kauliza swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima, na kwamba alistahili jibu. Makala hii ndiyo jibu lile, nimeliandika kwa urefu.

Darasani tulifundishwa kanuni moja fupi: kabla ya irabu tumia mw-, kabla ya konsonanti tumia m-. Kwa hiyo -ingine inaanza na i, andika mwingine. -Enye inaanza na e, andika mwenye. -Pya inaanza na p, andika mpya. -Zuri inaanza na z, andika mzuri. Kanuni ni sahihi na inatosha kwa mtihani. Tatizo lake ni kwamba inamfanya mtu aamini kuna viambishi viwili, m- na mw-, na kwamba wazee wa lugha walikaa wakavigawa: hiki cha irabu, hiki cha konsonanti. Sivyo. Kiambishi ni kimoja tu, na umbo lake la asili ni mu-.

Huhitaji kwenda mbali kuiona hiyo mu-. Wasikilize majirani zetu wanavyomwita mtu. Mnyarwanda na Mrundi wanasema umuntu, Mganda na Mhaya wanasema omuntu, Mkikuyu anasema mũndũ, Msukuma na Mgogo wanasema munhu, Mgiriama wa pale pale pwani anasema mutu. Zote hizo ni ndugu wa mtu wetu, na zote zina irabu baada ya m. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe haijapotea. Nilifanya kazi miaka miwili na mwenzangu kutoka Bukavu, Kongo, mtu mwenye Kiswahili cha kumiminika, na kila asubuhi alinisalimu akaniuliza kama nimelala muzuri. Watoto wake alikuwa akimwita kila mmoja mutoto. Wapo waliokuwa wakimcheka pale ofisini, nami sikupenda, kwa sababu aliyekuwa na u yake mdomoni ni yeye. Sisi wa pwani ndio tulioiacha njiani.

Basi swali la mpwa wangu ligeuze. Usiulize kwa nini mwingine ina w na mpya haina. Uliza: ile u ya mu- ilikwenda wapi? Ukifuata u, maneno yote manne yanajieleza.

Tuanze na mzuri, kwa sababu hapo ndipo u imepotea kabisa kwa macho. Zamani muundo ni mu + zuri, muzuri, kama anavyosema mwenzangu wa Bukavu. Sauti m hutamkwa kwa kufumba midomo, na sauti u hutamkwa kwa kuikunja midomo ile ile. Zinakaa mahali pamoja mno. Mtu akisema haraka, u fupi iliyobanwa kati ya m na konsonanti inayofuata haina nafasi ya kupumua. Midomo imefumba kwa ajili ya m, na kabla haijafunguka vizuri ulimi tayari unakwenda kwenye z. Ikamezwa. Lakini sikiliza kilichobaki. Sema mzuri polepole huku unapiga makofi, kofi moja kwa kila silabi: m, zu, ri. Makofi matatu. Sasa sema muzuri ya Kongo: mu, zu, ri. Makofi matatu vile vile. Irabu imeondoka lakini pigo lake halikuondoka. M imerithi nafasi ya u na inasimama peke yake kama silabi kamili, jambo ambalo konsonanti nyingine za Kiswahili kwa kawaida haziwezi.

Mpya ndiyo inayolionyesha hili vizuri zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ma-TU-nda, ki-TA-bu, m-ZU-ri. Katika mpya silabi ya pili kutoka mwisho ni ipi? Ni m yenyewe. M-pya. Jisikilize unaposema "huyu ni mtu mpya", utaona sauti inapanda na kukazwa juu ya m, midomo imefumba kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu, mti, mto, mke, mja. M inabeba mkazo kwa sababu u iliyokuwa inaubeba imeiachia mzigo.

Sasa njoo kwenye mwenye. Mu + enye. Hapa baada ya u hakuna konsonanti, kuna irabu e. Kiswahili hakipendi sana u ikae uso kwa uso na irabu nyingine isiyofanana nayo, na tabia yake ni kuigeuza hiyo u kuwa w. Hii si habari ya kivumishi wala ya mtu. Iko kila mahali katika lugha. Ku + enda ikawa kwenda. Ku + isha ikawa kwisha. Tu + ende ikawa twende. U + embe ikawa wembe. Ukitaka ushahidi usio na shaka chukua wimbo: wingi wake ni nyimbo, kwa hiyo mzizi ni -imbo, na ile w ya mwanzoni ni u ya ngeli iliyokutana na i. Kwa njia hiyo hiyo mu + enye ikawa mwenye, mu + ingine ikawa mwingine, mu + ema ikawa mwema, mu + eusi ikawa mweusi, mu + aminifu ikawa mwaminifu. Herufi w katika maneno haya si pambo lililoongezwa. Ni u ile ile, imevaa nguo nyingine.

Piga makofi tena. Mwenye: mwe, nye. Mawili. Lakini ukiifumua, mu, e, nye, ni matatu. Kofi moja limepotea.

Hapa ndipo nilipopata raha ya kulifuata jambo hili mpaka mwisho, na ningependa msomaji atulie kidogo. Katika mzuri, sauti ya u imepotea na silabi yake imebaki. Katika mwenye, silabi ya u imepotea na sauti yake imebaki. U ni moja, imekutana na majirani wawili tofauti, na kila jirani amechukua nusu yake na kutuachia nusu nyingine. Ndiyo maana mtoto aliyeandika mwzuri amekosea kwa namna ambayo lugha haiwezi kuivumilia: w inahitaji irabu ya kuegemea, na z haimpi. Na ndiyo maana menye au mngine kwa maana ya mtu haziwezi kuwa sawa, kwa kuwa pale u haikuwa na sababu ya kumezwa.

Washairi wameijua hesabu hii bila kuhitaji mtu wa sarufi awaambie. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Nimetunga huu ili tuupime: "Mzuri mwenye imani." Hesabu: m-zu-ri, tatu, mwe-nye, mbili, i-ma-ni, tatu. Jumla nane, mshororo umetimia. Sasa urudishe kwenye umbo la kale: "Muzuri muenye imani." Mu-zu-ri bado ni tatu. Lakini mu-e-nye sasa ni tatu, na jumla imefika tisa. Mshororo umevunjika, na aliyeuvunja ni mwenye peke yake. Mzuri haikutikisika hata kidogo. Mghani akiuimba utasikia kabisa sauti ikijikwaa. Na mtunzi akibanwa na mizani huitumia siri hii kwa makusudi: akipungukiwa na mizani moja ataandika muovu, ikizidi atairudisha kuwa mwovu, na hakuna anayemlaumu.

Usidhani hili ni la vivumishi tu. Angalia kitendo kinapomtaja mtendwa. Nilimpa, nilimpiga, nilimsaidia: baada ya m kuna konsonanti, u imemezwa. Nilimwambia, nilimwita, nilimwandikia: baada yake kuna irabu, u imekuwa w. Ni mu- nyingine, ya mtendwa, lakini imetendewa yale yale. Mtoto wa miaka minne hasemi "nilimwpiga". Alikwisha kuijua kanuni kabla hajaijua herufi. Laiti ningemkumbusha mpwa wangu hilo siku ile: kwamba mdomo wake haujawahi kusema mwzuri, mkono ndio uliomsaliti baada ya kuambiwa "weka w".

Ipo m moja ambayo lazima niiondoe mezani, maana inachanganya. Tunasema mtu mpya, na pia tunasema nyumba mpya. M hizi mbili zinafanana kwa maandishi na hata kwa matamshi, lakini hazina ukoo. Ya nyumba si mu-, ni n- ya ngeli yake, ile unayoiona katika nyumba nzuri. N ikikutana na b, au na p ya mzizi mfupi kama -pya, hujikunja na kuwa m kwa sababu midomo inajiandaa kufumba. Ukitaka kuzitenganisha badilisha kivumishi: mtu mzuri lakini nyumba nzuri, mtu mwingine lakini nyumba nyingine. Na kivumishi mbaya kinazitenganisha kwa sikio. Mtu mbaya ni m-ba-ya, makofi matatu, kwa sababu m yake ni mrithi wa mu-. Nyumba mbaya ni mba-ya, makofi mawili, kwa sababu m yake ni pumzi tu inayoitangulia b na haijawahi kuwa na u. Ndivyo anavyotofautiana mbuni ndege, mbu-ni, na mbuni wa mavazi, m-bu-ni, ambaye wingi wake ni wabuni. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo. Sikio linaionyesha kila siku.

Kuna mtego mwingine wa mw- ambao kwenye prufu naukuta mara nyingi kuliko makosa ya watoto. Mtu anaandika "mti mwenye matunda". Anajua mtu mwenye, anajua mti mwingine, anaona mti nao una m kama mtu, basi anaunganisha. Lakini usahihi ni mti wenye matunda. Kwa nini mwingine ikubali na mwenye ikatae? Kwa sababu -ingine hufuata njia ya vivumishi vya kawaida. Kama tunavyosema mti mzuri na mti mrefu, tunasema mti mwingine: ni mu- hiyo hiyo. Ila -enye haifuati vivumishi. Inafuata njia ya kitenzi na ya kiunganishi cha milki. Mti unaanguka, mti wa embe, mti wote: hapo ngeli inajitokeza kama u- tupu bila m. U + enye, wenye. Kwa mtu ndipo -enye imechukua mu- ikawa mwenye. Kwa hiyo ukiona w katika mti wenye, jua ni u nyingine iliyogeuka kwa kanuni ile ile, lakini haikuanza na m. Njia ninayoitumia kazini ni rahisi: naweka wote mahali pa -enye. Mti wote, basi mti wenye. Mlango wote, mlango wenye. Mkutano wote, mkutano wenye. Bado sijaona ikinidanganya kwa kitu kisicho mtu wala kiumbe hai.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba irabu zote ni sawa. Si sawa. Kabla ya a, e na i, u hugeuka w kwa utulivu, na hakuna ugomvi: mwandishi, mwerevu, mwizi. Ugomvi unaanza kwenye o na u, kwa sababu hizi mbili nazo zinakunjwa kwa midomo, na w kati ya m na o haisikiki vizuri. Katika maneno makongwe kabisa, o ilikwisha kuila ile u bila kuacha alama. Moyo, wingi mioyo. Mzizi ni -oyo, na umoja ulipaswa kuwa mu + oyo. Moto na moshi ni hivyo hivyo. Hakuna anayeandika mwoyo siku hizi katika Kiswahili sanifu. Lakini katika maneno mengine mengi u imekataa kuliwa, na hapo ndipo tunapoona mwoga na muoga, mwovu na muovu, mwongozo na muongozo, wakati mwingine ndani ya gazeti moja. Mimi huandika mwoga, mwovu, mwongozo, kwa kufuata kamusi, lakini sitamkatia mtu maksi kwa muoga, kwa sababu ndivyo wengi wanavyotamka na u yake ni halali kabisa.

Ikiwa irabu inayofuata ni u yenyewe, w haina kazi tena. Mu + uguzi: ukiigeuza u ya kwanza kuwa w utapata mwuguzi, na ulimi unaona tabu kuitofautisha w na u iliyo mbele yake. Vitabu vya zamani viliandika mwuguzi na mwuaji. Leo tunaandika muuguzi, muuaji, muumba, na u zote mbili zinasimama wazi. Haya ndiyo maneno ambayo ningemwonyesha mtu asiyeamini kwamba mu- ipo. Hapa haikumezwa wala haikuvaa w. Iko hadharani kama ilivyozaliwa, na dada yangu, ambaye ni muuguzi, anaiandika kila anapojaza fomu.

Mbele ya h nako u inasitasita. Tunaandika mheshimiwa, mhariri, mhandisi, lakini wasikilize watangazaji: wengi husema muheshimiwa, muhariri. H ni pumzi tu, haimfungii u mlango kama p au z, kwa hiyo u inachungulia. Muhogo umeshinda kabisa ukabaki na u yake hata kwenye maandishi, na wala sihitaji kutoka nje ya mji wa dada yangu kupata mfano mwingine wa u iliyokaa mbele ya h: umeandikwa kwenye kibao cha stendi.

Na ile tabia ya kuimeza u ingali hai. Neno muda limetoka Kiarabu, na mu yake si kiambishi cha ngeli yetu. Ni sehemu ya neno. Hata hivyo kila siku ninaona watu wanaandika mda. Wametenda kwa muda kile ambacho babu zao walitenda kwa mutu. Kwenye prufu nalisahihisha, ndiyo kazi yangu, ila nalisahihisha nikijua kwamba mwandishi amesukumwa na nguvu ya zamani sana. Kinyume chake ni mwalimu. Hili nalo ni la Kiarabu, muallim. Waswahili walilisikia, wakakuta mu imekaa mbele ya a, wakaitendea kama mu- yao wenyewe: mwalimu. Kisha wakaenda mbele zaidi, wakaing'oa mw- kana kwamba ni kiambishi, wakaweka wa-: walimu. Neno la mgeni limepitishwa kwenye kinu kile kile kilichosaga mwingine na mwenye, likatoka limekuwa letu.

Maandishi yetu ya leo yamefuata lahaja ya Unguja, iliyopendekezwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kuisimamia kazi hiyo mwaka 1930. Wakati huo Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuimeza u zamani. Kwa hiyo kilichoandikwa ni matokeo, mtu na mzuri, na njia iliyoyaleta haikuandikwa popote. Kama sanifu ingefuata Kiswahili cha bara la mbali, pengine leo tungekuwa tunaandika muzuri, na swali la mpwa wangu lisingezaliwa kamwe.

Nilirudi Muheza wiki tatu baadaye, safari hii nikiwa nimejiandaa. Tulikaa barazani, nikamwomba anipigie makofi ya mzuri, halafu ya muzuri, halafu ya mwenye, halafu ya mu-e-nye. Alizipiga kwa bidii mpaka bibi yake akatoka ndani kuuliza kuna ngoma gani. Nikamweleza habari ya u inayomezwa na u inayovaa w, kwa maneno mepesi kuliko haya. Akanisikiliza. Kisha akakimbilia ndani, akarudi na kitabu chake cha kusoma, akaweka kidole juu ya neno mwindaji.

"Na huyu, mjomba? Ni mu na indaji?"

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana hapo alikuwa ameingia kwenye kona ambayo hata wahariri hupotea. Nikamuuliza: wakiwa wengi unawaitaje? "Wawindaji," akasema. Na mwimbaji, wakiwa wengi? "Waimbaji." Akanyamaza, akayarudia yote mawili kwa sauti ya chini. Mwimbaji na mwindaji huandikwa kwa mw- ile ile, lakini kitendo cha kwanza ni kuimba na cha pili ni kuwinda. W ya mwimbaji ni u iliyogeuka, ndiyo maana kwenye wingi haionekani tena baada ya wa-. W ya mwindaji ni ya mzizi, ilikuwapo kabla ya kiambishi kuja, na kiambishi chenyewe ni m- kama ya mzuri, u yake imemezwa. Ndivyo ilivyo kwa mwakilishi, ndiyo maana Zanzibar kuna Baraza la Wawakilishi na si la Waakilishi, na ndivyo ilivyo kwa mwekezaji na mwezeshaji, kutoka kuwekeza na kuwezesha. Kila mwezi naletewa makala iliyoandikwa waekezaji au waezeshaji, na aliyeandika ni mtu aliyesoma sana. Ameiona mw- akadhani yote ni ya kiambishi, akaing'oa pamoja na w isiyokuwa yake.

Sikumwambia hayo yote. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuyaanza aliponitangulia.

"Kumbe hii w ya mwindaji haikutoka kwa u," akasema, kidole bado kiko juu ya ukurasa. "Ni yake mwenyewe."

Akachukua penseli, akaichora w ile duara.